Rangi ya Mafuta kwenye Ukuta wa Mama

Mama yangu alihamishwa kwake na ukuta mmoja. Majirani husema aliondoka kwa sababu ya kifua. Kaka yangu husema aliondoka kwa sababu ya uzembe wa fundi. Fundi mwenyewe ni mimi, na kwa hilo sina wa kumshitaki.

Nyumba iko juu ya mgongo wa kilima, mwendo mrefu kidogo kwa miguu kutoka sokoni Mlola. Baba aliijenga kwa tofali za kuchoma zilizoshikishwa kwa udongo, kisha akaipiga lipu ya saruji kwa nje. Chumba cha mama ndicho cha mwisho upande wa mashariki, na ukuta wake unatazama bonde. Bonde lile halina huruma. Jua likichomoza linaupiga ukuta huo mpaka mchana, jua la milimani, ambalo wageni hulidharau kwa sababu upepo ni wa baridi. Masika ikifika, mvua haishuki kutoka juu kama mvua za watu. Inapanda na upepo kutoka bondeni na kuuchapa ukuta ubavuni, na bati la juu linakuwa pambo tu. Ukuta unaochomwa hivyo na kuloweshwa hivyo, mwaka baada ya mwaka, lazima upasuke. Ule ulikuwa na nyufa nyembamba kama unywele, nyingine zikishuka kutoka pembe za dirisha, nyingine zikizunguka tu zisijue zinakokwenda.

Baba hakuwa fundi rangi, lakini aliuelewa ukuta wake. Kila mwaka kiangazi kilipokolea alichanganya chokaa kwenye pipa, akatia chumvi kidogo, akaupaka upande ule mara mbili. Chokaa iliingia kwenye nyufa ikaziba, na zilipofunguka tena aliziziba tena mwaka uliofuata. Ukuta ukilowa, ulikauka, kwa sababu chokaa haizuii unyevu kutoka. Wakati huo nilimwona mzee mshamba. Mimi nilikuwa nimejifunza kazi Lushoto mjini, nimepaka hoteli na nyumba za wachungaji, nikawa najua majina ya rangi ambayo yeye hakuwahi kuyasikia.

Alipofariki tulimzika mbele ya dirisha la mama, pembeni ya migomba, kwa sababu mama ndivyo alivyotaka. Asubuhi alifungua dirisha, akatazama kaburi, akasema sala yake, ndipo akawasha moto. Kaka yangu, mzaliwa wa kwanza, anayeishi Dar es Salaam, alitaka kumchukua wiki ileile ya matanga. Mama akakataa. Kaka akasema sawa, akae, ila siku nyumba itakapomshinda, atakuja na gari na hatauliza mtu. Alisema hivyo mbele ya wajomba, na kwetu neno la mzaliwa wa kwanza baada ya baba kuondoka halijadiliwi. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kabisa. Nyumba ikisimama, mama anabaki. Nyumba ikishindwa, mama anaondoka.

Mwaka uliofuata tulipanga kuweka msalaba kwenye kaburi, siku mbili baada ya Krismasi, wakati ukoo wote unapanda mlimani. Hapa niseme jambo moja kuhusu sisi watu wa huku, maana linanikera mpaka leo. Sisi hatupaki nyumba rangi kwa ajili ya mvua. Tunapaka kwa ajili ya wageni. Kipaimara kikiwa Jumapili, rangi inapakwa Alhamisi. Harusi ikiwa Jumamosi, bibi harusi anafika mlango haujakauka. Na sherehe zetu nyingi ni Desemba, vuli ndiyo kwanza imemalizika na kuta zimeshiba maji. Mimi nimekula sana kutokana na desturi hiyo. Nimepaka nyumba nyingi za Desemba nikijua wazi hazitafika Juni, nikanyamaza, kwa kuwa mwenye nyumba alichotaka ni picha.

Kaka alituma rangi kwa basi. Makopo makubwa ya rangi ya mafuta, ile inayong'aa, rangi ya damu ya mzee, na mengine ya krimu kwa ajili ya pembe za madirisha. Nilikwenda kuyachukua stendi ya Lushoto, nikayatazama, nikaona hayafai. Rangi ya mafuta ikikauka inakuwa ngumu, haivutiki. Ukuta wenye nyufa za namna ile hautulii: ukipata jua unatanuka, ukipata ukungu unanywea, na ufa unafunguka na kufunga kila siku ya Mungu. Rangi ngumu juu yake itapasuka palepale ufa ulipo. Halafu damu ya mzee ni rangi nzito, inakusanya joto kuliko nyeupe, kwa hiyo mchezo huo wa kutanuka na kunywea unazidi. Na kibaya kuliko vyote, rangi ile inafunga ukuta. Maji yakishapata pa kuingilia, hayana pa kutokea.

Niliyapeleka makopo kwenye duka la vifaa vya ujenzi ninakonunua siku zote. Mwenye duka ni mama wa makamo, mjane, ameendesha duka hilo miaka mingi, na mafundi wa Lushoto humwogopa kuliko wahandisi. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mgosi. Hiyo rangi unakwenda kupaka mlango gani mkubwa hivyo?"

Nikamwambia si mlango, ni ukuta wa mama yangu, wa mashariki, unaotazama bonde, una chokaa ya baba na nyufa.

"Ukucha unaingia kwenye huo ufa?"

"Nyingi hauingii. Mbili tatu hivi unaingia."

"Basi unajua mwenyewe," alisema. "Usioingia ukucha, unataka rangi ya maji ya nje, ile nzito inayovutika, iupite ufa juu kama ngozi. Unaoingia ukucha, uupanue kwanza kwa skrepa, uusafishe, uujaze kijazio cha nje kisichokakamaa, uweke kitambaa cha wavu juu. Na chokaa yote inayobaki mkononi ukipangusa, itoke. Na ukuta uwe mkavu. Sasa hivi mwezi huu ukuta wako mkavu?"

"Si mkavu."

"Basi subiri Januari, Februari. Waambie wageni wale ubwabwa, wasitazame ukuta."

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akasema niyaache makopo ya kaka pale dukani, atayauza kwa watu wa milango na mageti, na atanipa badala yake rangi inayovutika na praima yake, ile ya kupaka kwanza chini. Ilikuwepo nyeupe tu. Ningeondoka nayo siku hiyohiyo. Nilisimama katikati ya duka, suluhisho liko mbele yangu kwenye ndoo, nikatoa simu nimpigie kaka kumwomba ruhusa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Rangi imefika?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, naamini, kuhusu jua, mvua, nyufa na unyevu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, nyumba za huku zote zimepakwa hiyo, na sisi tuna chumvi ya bahari. Mimi nimekutumia rangi. Sijakuomba ushauri. Askofu mstaafu anakuja kutuongozea ibada, halafu nyumba ya baba iwe nyeupe kama zahanati?"

"Ndiyo, kaka," nikasema.

Mwenye duka alikuwa anasikia.  Alinisaidia kuyatoa makopo nje, akarudi ndani kuhudumia watu. Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto wawili na kazi inayojulikana, na nilikuwa nimejibu kama mwanafunzi wa darasa la tatu. Hilo nalisema wazi kwa sababu kwa miaka nimelisema kwa namna nyingine, kwamba nililazimishwa. Hakuna aliyenishika mkono.

Nilipofika nyumbani nilibandika kipande cha nailoni kwenye ukuta, nikazungushia selotepu kingo zote, nikakiacha kwa siku nzima. Ndiyo njia yetu ya kuuliza ukuta. Kesho yake kwa ndani ya nailoni kulikuwa na matone. Nikakibandua, nikakikunja, nikakitia mfukoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage.

"Ukuta unasemaje?" akaniuliza.

"Unasema una maji."

"Basi tungoje."

"Kaka anataka uwe tayari siku ya msalaba, mama."

Alirudi kwenye maharage yake. Yeye naye alimzaa huyo kaka, na naye alikuwa na namna yake ya kumwogopa.

Nikaanza kazi. Chokaa ya baba ilikuwa tabaka juu ya tabaka, miaka yote ya ndoa yao. Nilipaswa kuikwangua yote kwa brashi ya waya. Niliikwangua palipoonekana panabanduka, kwingine nikapangusa tu kwa tambara, maana siku zilikuwa zinanikimbia. Na nyufa, zile zilizoingia ukucha, nilizijaza kwa puti ya ndani, ile ya unga mweupe ya kulainishia kuta za sebuleni, kwa sababu inakauka haraka na msasa unaipenda. Puti hiyo ikikutana na maji inageuka uji. Nilijua. Kaka hakunitumia puti ile. Ile niliichagua mwenyewe, na ukitaka kujua kwa nini, ni hasira. Nilijiambia kwamba kazi imekwisha kuharibika kutoka Dar, basi ya nini kujichosha. Nimekuwa fundi muda mrefu, na sijawahi kufanya kitu cha aibu kuliko kile, na nilikifanya kwenye chumba cha mama yangu.

Ukuta ulipokamilika uling'aa mpaka ungeuona kutoka upande wa pili wa bonde. Mama aliupitishia kiganja.

"Umependeza," alisema. "Lakini unanuka kama gereji. Baba yako hakuupaka kitu cha kunuka."

Siku ya msalaba kila mtu aliisifia nyumba. Wajomba kutoka Shume, mashangazi wa Mtae waliolala njiani siku moja, wanakwaya, wote. Walipiga picha mbele ya ukuta ule kwa zamu. Askofu mstaafu akasema watoto wamemheshimu baba yao. Kaka akanivuta mbele kwa bega, akasema, "Fundi wetu huyu hapa," na watu wakapiga makofi. Nami nikatabasamu. Nilipokea sifa ile nikaila na ubwabwa.

Januari na Februari ukuta ulikaa vizuri, isipokuwa mchana wa jua kali ulikuwa wa moto mpaka huwezi kuegemea. Mwanzoni mwa Machi niliona mistari. Nyufa zote za zamani zilikuwa zimejichora upya juu ya rangi, moja baada ya nyingine, mahali palepale, kana kwamba mtu amezifuatisha kwa kalamu. Nikachukua brashi ndogo na mabaki ya rangi, nikazipitia juu. Ilikuwa kazi ya mtu anayejidanganya. Mvua ya kwanza kubwa ilikuja na upepo wiki ya Pasaka.

Ufa mmoja mwembamba unakunywa maji kuliko unavyodhani. Rangi inayong'aa haifyonzi tone, kwa hiyo mvua yote iliyoupiga ukuta iliteremka juu juu mpaka ikafika kwenye ufa, ikaingia humo. Jua likatoka, likapasha ule ukuta mwekundu, unyevu ukataka kutoka ukakuta mlango umefungwa, ukaisukuma rangi. Malengelenge yakatokea, mengine makubwa kama sahani ya chai. Nilitoboa moja kwa ncha ya skrepa, maji yakanitiririkia mkononi, ya uvuguvugu. Rangi ikabanduka na chokaa ya baba ikiwa imeshikamana nayo kwa nyuma. Ilikuwa imeshika chokaa tu, ukuta haikuugusa. Kwenye nyufa kubwa puti ilikuwa imeshakwenda, pamebaki mfereji.

Ndani, doa lilianza chini ya dirisha likapanda. Kisha kuvu nyeusi, kwanza pembeni, baadaye juu ya kitanda. Nilisogeza kitanda. Nikamwambia mama ahamie chumba cha jikoni.

"Kule simwoni," alisema. Alimaanisha baba.

"Mama, ukuta huu utakuumiza."

"Wewe ndiye uliyeupaka. Utengeneze."

Nilimwambia hautengenezeki kwenye mvua, lazima ningoje kiangazi. Ndivyo ilivyo, lakini kwa mtu anayekohoa kauli hiyo haina maana. Alilala humo Aprili yote, dirisha likiwa limefungwa, na kikohozi kikashuka kifuani. Mwezi wa tano nilimpeleka hospitali, wakasema ni nimonia. Nikampigia kaka. Sikuwa na namna nyingine, ingawa nilijua ninachokifanya kwa simu ile.

Alifika na gari siku iliyofuata. Hakuingia ndani kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta, akasimama na viatu vyake kwenye matope, akaubonyeza kwa kidole, na kipande cha lipu kikaanguka chini. Wajomba wawili walikuwa pale.

"Fundi ni nani?" akauliza.

Wote walijua fundi ni nani. Nilikuwa na maneno yangu tayari, ya dukani na ya simuni, ya rangi niliyoikataa na rangi niliyoipendekeza. Kama singejua habari ya puti ningeyasema yote mbele ya wajomba. Lakini mfereji wa puti ulikuwa mbele ya macho yetu, mweupe, unatiririka. 

"Nyumba imeshindwa," kaka akawaambia wajomba.  Sharti lilikuwa lake, nao walilisikia siku ile ya matanga.

Mama alitolewa hospitali akaingizwa kwenye gari bila kupitishwa nyumbani, maana barabara ilikuwa mbovu na yeye alikuwa dhaifu. Hakuliaga kaburi. Aliniambia kupitia kioo cha gari nimwagilie kahawa na nisisahau ng'ombe. Nikamwambia nitautengeneza ukuta na atarudi. Akaitikia kwa kichwa. 

Kiangazi kilichofuata niliufanyia kazi ukuta ule kama ambavyo sijawahi kuifanya kazi ya mtu. Rangi yote ya mafuta niliitoa, kipande kwa kipande, na lipu iliyokuwa inalia tupu ukiigonga niliibomoa nikapiga mpya. Nikarefusha upenu, bati likatoka nje zaidi. Nikachimba mfereji chini ya ukuta ili maji yasisimame. Kisha nikauacha. Niliuacha mwezi baada ya mwezi, uchi na mbaya, watu wakipita wananicheka. Vuli ilipokuja niliutundikia turubai. Mwishoni mwa Januari nilibandika nailoni, na kesho yake kwa ndani palikuwa pakavu. Niliibandika tena mahali pengine, maana sikuamini. Pakavu.

Nikashuka Lushoto dukani. Yule mama hakuniuliza habari za makopo. Alinipa praima na rangi inayovutika, nyeupe, na kipande cha wavu. Nyufa za ukucha nilizipanua, nikazijaza, nikazifunika. Nilipaka mchana baada ya jua kuuacha ukuta, ili rangi isikauke juu na kubaki mbichi ndani. Sikuichanganya na maji kama tunavyofanya tukitaka ifike mbali. Nilipaka nzito, mara ya kwanza kwa kushuka, ya pili kwa kukata, upande hadi upande, na katikati nilingoja siku nzima. Hakukuwa na sherehe yoyote iliyokuwa inaningoja.

Masika ikaja. Kila mvua ya upepo ilipopiga nilikwenda kukaa kwenye kitanda cha mama, mkono ukutani. Niliuondoa mkono, mkavu. Machi, Aprili, Mei. Nyufa zilikuwa bado zipo chini mle zikifunguka na kufunga, nami nilijua, lakini ngozi ya juu ilivutika pamoja nazo. Ukuta ulifanana na zahanati, kweli. Sikuwahi kuona ukuta mzuri kuliko ule.

Nilimpigia mama kwa video, nikautembeza uso wa simu kwenye ukuta wote, taratibu, kwa ndani na kwa nje, na mwisho nikampitisha dirishani aone kaburi. Alikuwa amekaa kwenye kochi la kaka, amefunikwa kitenge, nyuma yake feni inazunguka. Daktari wa Dar alishasema kifua chake hakitastahimili tena baridi ya milimani, na kaka alishanitumia ujumbe huo kwa maandishi ili nisijifanye sikusikia. Nadhani nilipiga simu hivyohivyo, nikitumaini ukuta mkavu utabadilisha kitu.

"Haulowi tena?" mama akauliza.

"Haulowi, mama. Masika nzima."

Alisogeza uso karibu na simu, akatazama chumba chake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa.

"Nani analala humo?"

"Hakuna mtu."

Alivuta kitenge.

"Basi ungeuacha tu ulowe," akasema, akamwita mjukuu aje kuizima simu.